Kadi Moja, Watu Wangapi?

Swali hili nimeshalisemea mara nyingi, na bado linajibiwa vibaya: kadi moja ya GPU yenye gigabaiti 24 itahudumia watu wangapi kwa pamoja? Chukua modeli ya lugha ya Llama 3 8B. Vigezo bilioni 8, kila kimoja baiti 2, jumla gigabaiti 16. Mtu anatoa 16 kwenye 24, anaona zimebaki 8, anafunga daftari. Jamani, hesabu haijaanza!

Kila tokeni, yaani kipande cha neno, iwe ya swali au ya jibu, huacha kumbukumbu yake kwenye kadi mpaka jibu likamilike, ili modeli isipige upya hesabu ya maneno yote yaliyotangulia. Hiyo ndiyo kache ya KV. Tokeni moja inakula baiti hizi:

```
2 * 32 * 8 * 128 * 2 = 131072
```

Mbili ya kwanza ni K na V, aina mbili za namba zinazohifadhiwa kwa kila tokeni, halafu tabaka 32 za modeli, vichwa 8 vya KV, ukubwa wa kichwa 128, na baiti 2. Ni kilobaiti 128.

Sasa, ukiiruhusu vLLM, programu inayoendesha modeli, itumie asilimia 90 ya kadi, una gigabaiti 21.6. Toa 16 za modeli, toa kama 1 ya hesabu za kati, zinabaki 4.6. Hapo zinaingia tokeni kama 35,000, basi. Mazungumzo yakiwa ya tokeni 2,000, ni watu 17. Wakianza kubandika nyaraka za tokeni 8,000, ni wanne. Kadi ni ileile! Ofisi moja niliyowahi kuisaidia walijaribu kwa maswali mafupi, wakaridhika. Wiki ya kwanza watumiaji wakabandika mikataba mizima, foleni ikaganda.

Utaniuliza, kwa nini tusimhudumie mmoja mmoja? Kwa sababu ili itoe tokeni moja, kadi husoma gigabaiti zote 16 za modeli. Kadi ya RTX 4090 husoma kama gigabaiti 1,000 kwa sekunde, kwa hiyo mtu mmoja hapati zaidi ya tokeni 60 hivi kwa sekunde. Wakiwa 17, usomaji huohuo mmoja unatoa tokeni 17. Ni daladala: safari ni ileile, iwe na abiria mmoja au imejaa. Na vLLM haisubiri kituo cha mwisho. Aliyemaliza anashuka, anayesubiri anakaa palepale.

Kubana modeli iwe ya biti 4 kunaongeza nafasi, lakini hilo tuliache kwa leo. Angalieni logi tu. `GPU KV cache usage` ikikaribia asilimia 100 huku `Waiting` ikipanda, kache imejaa. vLLM itamshusha mtu katikati ya jibu, ifute kache yake, na baadaye ianze kuihesabu upya. Yeye ataona maandishi yamesimama ghafla. Punguzeni `--max-model-len`, yaani kikomo cha tokeni kwa kila mazungumzo, kabla hamjakimbilia kununua kadi ya pili.