Miwani ya Kwanza ya Kusomea: Pima Kazi Yako Kwanza

Mhadhara kwa walimu na mafundi cherehani, Morogoro

Shikamooni wakubwa zangu, na wengine hamjambo. Nimepewa dakika 40. Walionisikia kabla wanajua kwamba 30 kati ya hizo huishia kwa fundi cherehani mmoja, kwa hiyo mnivumilie.

Sitaeleza kwa nini mikono yenu imekuwa mifupi. Mmeshapita miaka 40, mnaisogeza simu mbali mpaka mkono unaisha, mnatafuta taa. Lenzi iliyo ndani ya jicho imekakamaa, haijikunji tena kama zamani kuona karibu. Basi. Na kabla yule baba pale nyuma hajaniuliza: hapana, karoti haitailainisha. Na wewe mama unayesema ukianza kuvaa miwani jicho litazoea uvivu, jibu ni kwamba itaendelea kukakamaa uvae usivae. Tofauti ni kwamba asiyevaa anasahihisha madaftari akiwa na kichwa kinachogonga.

Swali langu leo ni moja. Umeshapimwa, umeambiwa unahitaji msaada wa karibu. Umefika duka la miwani, umewekewa mezani aina 3: lenzi ya nguvu moja, ambayo kioo chote kina namba ileile, baifoko, ile yenye kidirisha chini na mstari unaoonekana, na progresivu, isiyo na mstari, namba inapanda kidogo kidogo ukishuka kutoka juu kwenda chini. Uchukue ipi? Muuzaji ataanza na bei, akianzia ya juu. Mimi naanza na futi kamba ya huyo fundi wangu.

Alikuja kwangu akiwa na miaka 46. Mbali anaona vizuri, anasoma kibao cha daladala kabla ya kondakta hajaita. Shida yake ni uzi na tundu la sindano. Alikuwa amevaa progresivu mpya, aliyoilipia kwa mkopo. Aliambiwa ndiyo miwani bora kuliko zote, ya kisasa, haionyeshi umri. Akaniambia, "Daktari, miwani ni nzuri lakini shingo inaniua, na nguo naiona katikati tu."

Nikamwomba akae kama anavyokaa kwenye cherehani. Akakaa kwenye kiti changu, akainamisha kichwa kuelekea sindano ya kufikirika. Kisha, bila yeye mwenyewe kujua, akainua kidevu kama anayenusa pilau ya jirani. Kwa nini? Kwa sababu kwenye progresivu sehemu ya kusomea iko chini kabisa ya kioo. Ukiinamisha kichwa, jicho linatazama kupitia katikati, ambako namba haijafika. Ili uipate ile ya chini, lazima kichwa kibaki wima na jicho ndilo lishuke. Mtu anayesoma kitabu mkononi atalizoea hilo kwa siku chache. Fundi cherehani hawezi: anainama saa 8 kwa siku.

Halafu upana. Namba ikipanda polepole bila mstari, kuna gharama, na gharama hiyo inalipwa pembeni. Kushoto na kulia, upande wa chini, kioo kinakuwa na ukungu na vitu vinapinda. Hilo si kosa la kiwanda. Hakuna kiwanda duniani kilichouondoa ukungu huo. Wanachoweza ni kuusogeza na kuutawanya. Tangu Mfaransa Bernard Maitenaz alipozitoa sokoni lenzi za Varilux mwaka 1959, zimeboreshwa sana, lakini sheria hiyo ya hesabu haijavunjwa. Sasa fikiria gauni la harusi limetandazwa meza nzima, na wewe unaliona kupitia uchochoro.

Nilimpa nini? Tupige hesabu, walimu mtanisahihisha. Chukua 100, gawanya kwa namba ya miwani, unapata sentimita za mwisho wa kuona vizuri, kwa mtu ambaye mbali hana shida. Miwani ya plasi 1: 100 kwa 1, mita moja. Plasi 2: sentimita 50. Plasi 2.50: sentimita 40, na zaidi ya hapo ukungu. Sindano yake ilikuwa sentimita 35 kutoka usoni, nilipima kwa futi kamba yake mwenyewe. Ukingo wa meza, sentimita 75. Jicho lake bado lilikuwa na nguvu kiasi, hivyo alihitaji kuongezewa kidogo tu. Plasi 1.25: 100 kwa 1.25 ni 80. Anaona kuanzia sindano mpaka ukingo wa meza, kioo kizima, kushoto na kulia, kichwa kikiwa popote. Lenzi ya nguvu moja, ile ya bei ya chini kuliko zote dukani. Mteja akiingia, anaivua au anachungulia juu yake. Shingo ilitulia wiki hiyohiyo. Mkopo wa ile nyingine aliendelea kuulipa.

Hapo hapo niwaambie kosa la wanaonunua miwani barabarani. Mtu anafika kwa muuza miwani, anajaribu plasi 1, anaona sawa. Anajaribu plasi 2.50, herufi zinakuwa kubwa, anafurahi, anachukua hiyo. Hesabu ile ile: sasa kila kitu kinachozidi sentimita 40 ni ukungu. Kompyuta iko sentimita 60, haioni. Anarudi kusema macho yameharibika. Macho hayajaharibika, umenunua namba ya mtu wa miaka 60 nawe una 45. Chukua ile ndogo inayokuwezesha kusoma vizuri pale unaposomea. Na hizo za barabarani zina namba moja kwa macho yote mawili. Kama macho yako yanatofautiana, au una astigmatizimu, hazitakufaa hata ukijaribu zote zilizopo kwenye ubao.

Sasa walimu, msinune, zamu yenu. Kazi ya mwalimu si ya fundi. Unaangalia daftari, unainua macho kumwona anayepiga kelele dawati la nyuma, unarudi kwenye daftari. Mara 200 kwa kipindi. Ukivaa nguvu moja ya plasi 1.50, mwisho wako ni sentimita 67, na dawati la nyuma liko mita 7. Watoto wanalijua hilo kabla yako. Kuivaa na kuivua siku nzima kunachosha, na siku moja utaikalia. Ukitaka rahisi, ipo miwani nusu, ile fupi inayokaa chini ya pua, unasoma kwayo na kutazama darasa juu yake. Ni nguvu moja hiyohiyo. Wanafunzi watakuita babu; inafanya kazi.

Kama hutaki kuitwa babu, au mbali nako una namba, hapo ndipo baifoko na progresivu zinapopata haki yao. Baifoko si ya kizamani kwa maana mbaya. Benjamin Franklin alieleza miwani yake ya nguvu mbili kwenye barua zake miaka ya 1780, na wazo halijachakaa. Kidirisha cha kawaida kina upana wa milimita 28, ndani yake hakuna ukungu wa pembeni, na mstari unakaa usawa wa ukingo wa kope la chini. Tatizo ni kuruka: jicho likivuka mstari, picha inaruka, na hakuna njia ya kati. Kwa anayeanza, hilo la kati bado si kubwa, kwa sababu jicho lake lenyewe linamalizia. Baada ya miaka 10 litakuwa kubwa. Fundi umeme anayeunga nyaya juu ya kichwa, kidirisha cha chini hakimsaidii kitu, wala progresivu haimsaidii.

Progresivu kwa mwalimu ni nzuri, nasema hivyo nikiwa nimeivaa sasa hivi. Daftari, meza, ubao, dirisha, vyote kwenye kioo kimoja. Na kuna sababu ya kuianza mapema kuliko kuchelewa: ukungu wa pembeni hukua kadiri namba ya kusomea inavyokua. Anayeanza na plasi 1 anauona kidogo tu, anazoea kwa siku chache. Anayesubiri mpaka afike plasi 2.50 ndipo aivae kwa mara ya kwanza, huyo ataona sakafu inaelea.

Lakini sikilizeni hili, ndilo linaloua progresivu nyingi mjini. Kioo kinapaswa kukatwa ili alama yake ya kuangalia mbali ikae mbele ya mboni yako kabisa, kila jicho kwa kipimo chake. Milimita 3 zikikosewa, unaipoteza sehemu ya kusomea au unatembea ukiangalia barabara kupitia sehemu ya kati. Kwa hiyo umechagua fremu, umeivaa, imekaa sawa puani. Mpimaji lazima akae usawa wa macho yako, achukue kalamu, aweke nukta kwenye kioo cha fremu ukiwa umeivaa. Asipoweka nukta, akakuambia "njoo Alhamisi", usiache pesa yako. Na fremu iwe na kina. Zile nyembamba kama mstari wa kope zinakata sehemu ya chini, ambayo ndiyo uliyoilipia.

Mimi mwenyewe, mtaalamu, niliwahi kupokea progresivu yangu ya kwanza imekatwa chini mno. Nilijilazimisha wiki 2 nikiamini sijazoea. Siku ya 15 nikaipumulia.

Naam, kuipumulia. Kila progresivu ina alama ndogo zilizochorwa ndani ya kioo, hazionekani mpaka ukiweka mvuke wa pumzi na kuielekeza kwenye mwanga. Kuna viduara viwili vilivyoachana milimita 34, na chini ya kile cha upande wa sikio kuna namba: 15 maana yake nyongeza ya 1.50. Mpimaji akizipata hizo anaweza kuweka nukta upya na kuona kama alama ya kuangalia mbali iko mbele ya mboni. Yangu ilikuwa milimita 4 chini. Wiki 2 nilijilaumu bure.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haraka basi: wenye mainasi, kama namba yako ni karibu mainasi 2.50 macho yote, ivue tu usome sentimita 40, hujahitaji kununua kitu. Ngazi: ukiwa na baifoko au progresivu, shuka ukiinamisha kidevu, kwa sababu ukiangalia kwa jicho peke yake unapitia sehemu ya kusomea na ngazi inakuwa ukungu. Mzee aliyewahi kuanguka, mpatieni nguvu moja ya mbali ya kutembelea nje. Na mkipimwa miwani, ombeni mpimwe na presha ya macho. Hiyo haina maumivu wala dalili mapema.

Kuhusu lenzi za kompyuta nilikuwa na mengi, hayataingia leo. Mafundi, nitakuwa na futi kamba pale mezani, mje mkae kama mnavyokaa kazini. Na wenye progresivu njooni nazo, tutazipumulia moja moja.