Madhabodi Isiyo na Kitabu: Kuzitambua Pini kwa Macho na kwa Mita

Ndugu mafundi, na ninyi mnaoanza kujifunza kazi hii, karibuni.

Leo tunaizungumzia madhabodi iliyokwisha fika mezani bila kitabu. Au kitabu kipo, lakini mchoro wake ni mdogo kiasi kwamba huwezi kujua juu ni wapi na chini ni wapi. Waya za kasha zinaning'inia, feni zinasubiri, na mwenye mashine anaitaka jioni. Kwetu hali hii ni ya kawaida, maana kompyuta nyingi tunazozihudumia zimeshatumika kwingine na karatasi zake zilibaki huko huko. Basi tuiulize madhabodi yenyewe. Ina majibu ya aina tatu: umbo la soketi zake, mahali ethi ilipo, yaani upande wa hasi unaorudisha umeme, na volti inayokaa kwenye pini wakati mashine imezimwa.

Nitaanza na kebo za pawa saplai, kwa sababu kosa la hapo ndilo linaloua. Plagi kubwa ya pini 24 haina utata: inaingia upande mmoja tu, na lazima klipu yake ilie "tak". Utata uko kwenye plagi mbili zenye matundu 8 zinazofanana kama mapacha, moja ya prosesa na nyingine ya kadi ya picha. Zitazameni kwa karibu. Plagi ya prosesa ina waya 4 za njano, zote zikiwa upande wenye klipu, na 4 nyeusi upande wa pili. Plagi ya kadi ya picha ina njano 3 tu, nazo ziko upande usio na klipu. Nyeusi ni 5. Maana yake volti 12 na ethi zimebadilishana mahali. Umbo la matundu, mengine ya mraba na mengine yenye kona zilizokatwa, limewekwa makusudi ili plagi isiingie pasipo pake. Ukiona unatumia nguvu, simama. Anayeilazimisha anaikutanisha volti 12 na ethi moja kwa moja, na ikiwa pawa saplai ni nzuri itajizima. Ikiwa ni duni, kitu kitaungua.

Siku hizi kebo nyingi ni nyeusi tupu, rangi hazisaidii. Hapo angalia inavyogawanyika: ya prosesa hugawanyika 4 na 4, ya kadi hugawanyika 6 na 2. Ukitaka uhakika, chomoa pawa saplai kwenye umeme, weka mita kwenye mlio, waya mmoja wa mita kwenye bati la pawa saplai, mwingine uingize tundu baada ya tundu. Matundu 4 ya safu isiyo na klipu yakilia, hiyo ni ya prosesa. Yakilia 5, ni ya kadi. Mlio mfupi unaokatika wenyewe usiuhesabu; hiyo ni kapasita inayojaa. Ethi hulia bila kukatika.

Na kama pawa saplai ni ya kebo za kuchomoa, tumia kebo zilizokuja nayo tu. Upande wa madhabodi una kanuni moja kwa kampuni zote, lakini upande wa pawa saplai kila kampuni hupanga inavyotaka, wakati mwingine hata modeli mbili za kampuni moja hutofautiana. Kebo ya kuazima inaweza kuingia vizuri kabisa na kupeleka volti 12 mahali pa volti 5. Diski ndizo huwa za kwanza kufa.

Sasa tufike kwenye pini za mbele ya kasha, zile za kitufe cha kuwasha, kitufe cha kuanzisha upya na taa mbili. Hapa ndipo watu hubahatisha zaidi, na hapa ndipo hakuna haja ya kubahatisha.

Madhabodi nyingi zinazouzwa peke yake hufuata mpangilio ulioenezwa na Intel: safu mbili za pini, nafasi 10, namba 1, 3, 5, 7 na 9 safu moja na 2, 4, 6, 8 na 10 safu ya pili, na pini moja haipo. Pini inayokosekana ndiyo kitambulisho. Ikikosekana namba 10, ile ya kona, mara nyingi hizo ni pini za mbele ya kasha. Ikikosekana namba 9, nayo ya kona lakini katika safu ya pini 1, hiyo ni USB 2.0. Ikikosekana namba 8, iliyo ya pili kutoka mwisho, hiyo ni sauti. Tahadhari moja: soketi ya COM, ile ya bandari ya siriali, nayo hukosa namba 10, kwa hiyo soma maandishi yaliyo jirani kabla ya kuamini. Na pini 1 utaijua kwa pembetatu ndogo iliyochorwa kando yake, au ukigeuza madhabodi utaona solda yake imekaa kwenye mraba wakati nyingine zina duara.

Sasa shika madhabodi ili ile nafasi tupu iwe mkono wako wa kulia. Una safu yenye pini 4 na safu yenye pini 5. Safu ya pini 4 ni ya kuwasha: mbili za kushoto ni taa ya kuwaka, chanya ikiwa ya kwanza, na mbili zilizo karibu na nafasi tupu ni kitufe cha kuwasha. Safu ya pini 5 huanza na mbili za taa ya diski, chanya ikiwa ya kwanza tena, kisha mbili za kitufe cha kuanzisha upya, na ya tano inabaki peke yake. Hiyo ya tano msiiguse. Kwenye baadhi ya madhabodi ina volti 5 mashine inapowaka, na bisibisi ikiteleza kutoka kwenye pini ya kuanzisha upya ikaigusa, unaipelekea laini ya ishara volti ambayo haikutengenezewa.

Thibitisha kabla ya kuunganisha. Umeme ukiwa umechomolewa, weka mita kwenye mlio, gusisha waya wake mmoja kwenye duara la bati linalozunguka tundu la skrubu, hiyo ndiyo ethi, na mwingine kwenye pini. Ethi mbili za uhakika katika mpangilio huu ni namba 5 na namba 8, na zimekaa mshazari: 5 iko kwenye safu ya pini 5, ya tatu kutoka kushoto; 8 ni ya mwisho kwenye safu ya pini 4. Zikilia hizo, mpangilio wako ni sahihi na hukuushika kinyume. Halafu geuza mita iwe kwenye volti, rudisha umeme bila kuwasha mashine, pima namba 6, iliyo kushoto kwa 8: utakuta takriban volti 3.3 au volti 5 imetulia. Kitufe cha kuwasha hakifanyi kingine ila kuishusha volti hiyo hadi ethi kwa kitambo. Ndiyo maana kukutanisha namba 6 na 8 kwa ncha ya bisibisi kwa nusu sekunde kunaiwasha mashine.

Je, mpangilio usipolingana? Mashine za ofisini za Dell, HP na Lenovo mara nyingi zina soketi yao wenyewe, na ukihamishia madhabodi hiyo kwenye kasha lingine plagi hazilingani hata kidogo. Kazi ni ile ile, ila inakwenda polepole. Kwanza tafuta na uandike ethi zote. Kisha, umeme ukiwepo na mashine imezimwa, pima pini zilizobaki na uandike kila moja yenye volti 3.3 au 5. Huenda ukapata 2 au 3, na moja yaweza kuwa laini ya kugawa umeme, si ishara. Usiikutanishe na ethi kwa waya mtupu. Tumia rezista ya ohm 470: upande mmoja kwenye ethi, mwingine kwenye pini unayoshuku, huku mita ikiwa hapo hapo. Ikiwa ni laini ya umeme, volti itabaki karibu palepale, na kwa volti 5 rezista itapitisha kama miliampea 10 tu, haidhuru. Ikiwa ni pini ya kitufe, volti itaanguka karibu na sifuri na feni zitaanza kuzunguka. Umeipata, na hujaunguza kitu.

Upande wa kasha kuna mambo mawili. Vitufe havina chanya wala hasi, plagi yake ingiza upendavyo. Taa zina mwelekeo. Ukigeuza haziungui, haziwaki tu. Kujua mwelekeo, chukua betri ya CR2032 na uigusishe kwenye waya mbili za taa; ikiwaka, waya ulio upande wa chanya ya betri ndio chanya. La pili: plagi ya taa ya kuwaka mara nyingi ina matundu 3, la katikati tupu, wakati pini za madhabodi ziko sambamba. Usiikate. Inua kwa sindano ulimi mdogo wa plastiki unaoshika chuma, vuta waya utoke, uingize tundu la katikati.

Mashine ikiwaka kisha ikazima baada ya sekunde 4 hivi, na kila ukijaribu ni hivyo hivyo, shuku kitufe kabla ya pawa saplai. Kitufe kilichokwama kinaonekana kwa madhabodi kama mtu aliyekishikilia, na kukishikilia sekunde 4 ni amri ya kuzima. Chomoa plagi ya kitufe, washa kwa bisibisi; ikikaa, umepata mgonjwa. Feni zikizunguka lakini skrini ikabaki nyeusi, rudi kwenye plagi ya prosesa: huenda imesahauliwa kabisa, maana soketi yake iko kona ya juu, mbali na ile ya pini 24.

Feni ni rahisi zaidi. Soketi yake ina ukuta mdogo wa plastiki nyuma ya pini, na plagi ina mifereji inayoufuata. Soketi za taa za mapambo hazina ukuta huo, kwa hiyo usizichanganye. Pini ni ethi, volti 12, taarifa ya mzunguko, na ya nne ni amri ya kasi. Plagi ya matundu 3 inaingia kwenye soketi ya pini 4 ukifuata ukuta, pini ya nne inabaki wazi. Feni ya prosesa iende CPU_FAN, si nyingine, kwa sababu madhabodi nyingi zisipoona mzunguko hapo husimama na ujumbe wa CPU Fan Error hata kama feni inazunguka kwingine. Soketi moja kwa kawaida hubeba ampea 1. Kabla ya kugawa feni kadhaa kwa waya mmoja, jumlisha ampea zilizoandikwa mgongoni mwa kila feni.

Na feni ya waya 3 ikivuma kwa kasi kamili muda wote, si mbovu. Soketi imewekwa PWM, inatoa volti 12 bila kupungua na kutuma amri kwenye pini ya nne ambayo feni hiyo haina. Ingia kwenye BIOS, badilisha soketi hiyo iwe DC, yaani ipunguze volti yenyewe, na kasi itaanza kufuata joto.