Zipu ya Upande: Jaketi la Ngozi, Nywele Ndefu na Tisheti za Roki

Jamani habari za jioni, sogeeni mbele maana hii maiki inakwaruza. Mimi naanza na zipu. Wale mlioshanisikia nivumilieni, bado kila wiki kuna mtu ananiambia jaketi la ngozi la wanaroki ni fasheni tu ya wahuni, na nikisikia hivyo nachoka kabisa.

Mmemwona bodaboda wa saa kumi na moja alfajiri? Kavaa jaketi kinyumenyume, mgongo wa jaketi uko kifuani, zipu iko nyuma. Hajachanganyikiwa yule. Ukiendesha pikipiki upepo unapenya kwenye meno ya zipu unakupiga moja kwa moja kifuani, halafu jioni unakohoa, kwa hiyo yeye kageuza tu mambo, upande usio na mwanya ndio unakutana na upepo. Akili ya kazi hiyo, hakufundishwa na mtu.

Sasa kuna bwana mmoja Niu Yoki, Irving Schott, mwaka 1928 alikutana na shida hiyohiyo akaimaliza kwa mkasi. Akachukua zipu akaihamisha kutoka katikati akailaza mshazari, inaanzia chini karibu na kiuno inapanda kuelekea begani, na upande mmoja wa ngozi unalala juu ya mwenzake. Ukifunga, kifuani una ngozi mara mbili na upepo hauna pa kupita. Halafu ukiinama kushika usukani, zipu iliyonyooka inajikunja inakuchoma tumboni, hii ya mshazari inalala na wewe. Zile kola pana zina vifungo vya kubana kwenye ncha, watu wanadhani urembo, kumbe ni ili zisikupige usoni ukiwa spidi. Zipu ndogo za mikononi ni hivyo hivyo, unafunga ili upepo usipande kwenye mkono. Mkanda wa kiunoni, hivyo hivyo. Jaketi akaliita Perfecto, jina la siga, ile sigara nene, aliyoipenda, likauzwa kwa muuzaji wa pikipiki za Harley-Davidson kwa dola 5 na senti 50. Yaani hapo hamna mwasi hata mmoja, kuna mtu anayesikia baridi.

Najua kuna mtu huko nyuma anasema, sasa uasi unatoka wapi kama kila kitu ni kazi? Unatoka kwa aliyekataza! 1953 inatoka filamu, Marlon Brando ni kiongozi wa genge la pikipiki, kavaa jaketi la aina hiyo, na wakubwa wakaingiwa hofu. Uingereza wakaizuia filamu yenyewe, ikakaa mpaka 1967 ndio ikapewa kibali. Marekani kuna shule zikapiga marufuku majaketi hayo. Sasa wewe fikiria kijana wa miaka kumi na sita anaambiwa hili vazi usije nalo darasani, si umeshamwonyesha lina nguvu? Kabla ya hapo lilikuwa koti la dereva. Marufuku ndiyo iliyolipa maana, na sisi Tanzania tusijifanye hatulijui hilo, 1968 Umoja wa Vijana wa TANU walitangaza Operesheni Vijana, sketi fupi na suruali za kubana zikatajwa kwa majina, na tangu siku ile aliyevaa suruali ya kubana hakuwa amevaa suruali tu, alikuwa anasema kitu.

Haya, kesi yenyewe ninayoipenda. Ramones, bendi ya roki. Vijana wanne wa Forest Hills, mtaa wa Queens kulekule Niu Yoki, wameanza 1974. Enzi hizo roki ilikuwa imeshakuwa ya mastaa, nguo za kung'aa, gitaa linalia dakika kumi, na hata wao mwanzoni walijaribu ile mikogo ya kumeremeta. Johnny, mpiga gitaa, akasema basi, tuvae kile ambacho mtoto yeyote anayekuja kutuona anaweza kuvaa: jaketi la ngozi, tisheti, jinzi iliyochanika magotini, raba. Na jina la ukoo wote wakachukua moja, Ramone, ingawa hawakuwa ndugu. Itazameni ile picha ya albamu ya kwanza, 1976, kaipiga Roberta Bayley, wanne wamejiegemeza kwenye ukuta wa matofali, nyeusi na nyeupe, hakuna anayetabasamu. Ukiiangalia vizuri magoti ndiyo yanaongea kuliko nyuso.

Mtu ataniambia, uasi gani huo watu wote wamevaa sare? Swali zuri na limenichosha pia. Waliowaasi ni mastaa wa roki wenyewe. Staa anavaa ili usifanane naye, hawa wamevaa ili ufanane nao, na sare ndiyo inafanya hiyo kazi, ukimwona mmoja barabarani umewaona wote. Na msidhani nguo inakwambia siasa ya mtu, hapo ndipo watu wanakosea kusoma. Johnny huyohuyo alikuwa mhafidhina wa chama cha Republican, 2002 wanapewa heshima ya kuingia kwenye jumba la kumbukumbu la roki akasimama jukwaani akamwombea baraka Rais Bush. Jaketi halikudanganya, wewe ndiye ulisoma kisichoandikwa.

Nywele sasa, naona naonyeshwa saa kwa hiyo nasema haraka. Tofauti ya nywele na jaketi ni moja, jaketi Jumatatu unalitundika unaenda kazini, nywele unaenda nazo, bosi anaziona na mama mkwe anaziona. Ndiyo maana serikali zilizotaka kubana watu zilianza kichwani, Malawi ya Banda mwanaume mwenye nywele ndefu hakutakiwa, hata awe mtalii. Na yule wa "si utamaduni wetu" namuuliza, morani wa Kimasai anafuga nywele za nini? Anazifuga akiwa morani, anazipaka rangi nyekundu, na siku ya eunoto, sherehe ya morani kupanda daraja, mama yake ndiye anazinyoa. Kichwa kinasomeka toka zamani hapahapa kwetu. Ya wapiga hevi metali wanaotikisa vichwa nayaacha, tungekuwa na saa nzima ningeyasema.

Namalizia na hii tisheti, nimeinunua Karume kwenye mitumba, aliyeniuzia aliniambia ni ya timu ya besiboli. Hakukosea sana. Nembo hii kaichora Arturo Vega, rafiki na msanii wa Ramones, kachukua mhuri wa Rais wa Marekani akaubadilisha. Kwenye mhuri tai kashika mishale, hapa kashika gongo la besiboli kwa sababu Johnny alikuwa mpenzi wa huo mchezo. Tawi la mzeituni limekuwa tawi la mtofaa. Kuzunguka pembeni ni majina: Johnny, Joey, Dee Dee, Tommy. Tommy aliacha ngoma 1978 akaja Marky, kwa hiyo majina haya ni ya kikosi cha kwanza, lakini msikimbilie kusema ni ya zamani, wanaochapisha upya wanatumia majina hayohayo. Geuzeni pindo la mkono. Tisheti nyingi za Marekani mpaka katikati ya miaka ya 90 zilishonwa mstari mmoja wa uzi hapo, hii ina miwili. Kwa hiyo ni ya juzijuzi. Ipitisheni, kila mtu aishike, aliye karibu na mlango aniletee ikifika mwisho.