Kompyuta kuukuu, Proxmox, na siku ukurasa ulipogoma kufunguka

Asha: Karibuni tena. Leo tunazungumzia kompyuta ya mezani iliyokaa kabatini kwa kaka Baraka hadi akaigeuza seva ya nyumbani. Kaka, tuanze na mashine yenyewe.

Baraka: Asante, dada Asha. Ni kompyuta ya ofisi ya zamani, Intel i5 ya kizazi cha nne. Ina ramu ya GB 8, SSD ya GB 120, na diski ya kawaida ya GB 500. Kwa Windows ya leo inasota, lakini kwa Proxmox inatosha kabisa.

Asha: Kwa asiyeijua, Proxmox ni nini?

Baraka: Ni Debian iliyofungashwa pamoja na vyombo vya kugawa kompyuta moja kuwa kadhaa. Ukishaiweka hukai tena mbele ya mashine. Unaisimamia kupitia kivinjari cha kompyuta nyingine, na ile seva inabaki pembeni bila skrini.

Asha: Kabla ya kuchomeka flashi ya kuisakinishia, uligusa nini?

Baraka: Niliingia BIOS nikabadilisha mambo mawili. La kwanza ni `Intel Virtualization Technology`, ambayo kompyuta nyingi za ofisi hutoka ikiwa imezimwa. Isipowashwa, mashine pepe, yaani zile kompyuta kadhaa za ndani, hazitawaka hata kama Proxmox yenyewe imeingia vizuri. La pili ni `Restore on AC Power Loss`, ingawa jina hutofautiana kidogo kati ya mashine na mashine. Umeme ukikatika na kurudi, kompyuta inajiwasha yenyewe.

Asha: Hilo la pili ni muhimu sana kwetu. Mtu yuko kazini, umeme umerudi saa nne, nyumbani hakuna wa kubonyeza kitufe.

Baraka: Ndiyo. Na ndani ya Proxmox kila mashine ina sehemu ya `Start at boot`. Usipoiweka alama, seva itawaka lakini huduma zako zitaendelea kulala.

Kwenye kuisakinisha, tahadhari ni moja: diski unayoichagua inafutwa yote. Mimi nilichomoa kabisa waya wa ile ya GB 500 kwa sababu ilikuwa na picha za familia. Nilizihamisha kwanza, ndipo nikairudisha.

Asha: Halafu unakuja ule ukurasa wa mipangilio ya mtandao.

Baraka: Hapo ndipo ningependa msikilizaji atulie. Ukurasa unakuja umeshajazwa anwani ya IP, kwa sababu kompyuta imepewa na ruta. Mtu anabonyeza tu kuendelea. Ila kuanzia hapo Proxmox inaishika namba ile kuwa ya kudumu, na ruta haina habari. Kesho ruta inaweza kumpa mtu mwingine namba hiyohiyo.

Asha: Na dalili yake inasumbua. Ukurasa wa kuisimamia seva unafunguka asubuhi, jioni haufunguki, unadhani mashine imekufa. Kumbe simu ya mgeni imeingia waifai na kupewa namba ya seva.

Baraka: Basi chagua namba iliyo nje ya zile ambazo ruta inazigawa. Ruta yangu ilikuwa inagawa kuanzia 100 hadi 200, nikachukua `192.168.1.50`. Na tumia waya wa mtandao, si waifai. Proxmox inatengeneza daraja liitwalo `vmbr0`, na kila mashine pepe inapita hapo ikiwa na utambulisho wake. Waifai kwa kawaida inakubali utambulisho mmoja tu kwa kila kifaa kilichounganishwa, kwa hiyo mashine za nyuma ya daraja hazipati mtandao.

Asha: Ikishawaka unafungua `https://192.168.1.50:8006`. Kivinjari kitakuonya kuhusu cheti, maana seva imejitengenezea yenyewe. Unakubali, unaingia kwa jina `root`. Halafu ukijaribu kusasisha unapigwa `401 Unauthorized`.

Baraka: Kwa sababu inaelekezwa kwenye hazina ya wateja wanaolipia. Nenda `Updates`, kisha `Repositories`, zima zile zenye neno `enterprise`, ongeza `No-Subscription`. Imekwisha.

Asha: Sasa GB 8 umezigawaje?

Baraka: Mwanzoni nilitengeneza mashine pepe tatu za GB 2 kila moja, na seva ikaanza kukwama. Mashine pepe ni kompyuta nzima yenye kiini chake cha mfumo, na ramu uliyoipa huwa inaimeza. Kontena inatumia kiini cha Proxmox yenyewe, kwa hiyo inachukua tu kile inachokihitaji. Leo Pi-hole ya kuzuia matangazo iko kwenye kontena ya MB 512, na mafaili ya familia yako kwenye kontena ya GB 1. Nimebakiza mashine pepe moja ya GB 2 kwa majaribio yangu. Proxmox yenyewe inabaki na nafasi ya kupumua.

Asha: Tusimulie siku ukurasa ulipogoma.

Baraka: Nilibadilisha mtandao wa nyumbani, nikaleta ruta ya laini ya simu. Ile ya zamani ilikuwa `192.168.1.1`, mpya ni `192.168.8.1`. Seva inawaka, taa ya waya inapepesa, ukurasa haufunguki. Nilifikiria kusakinisha upya. Nikaona kwanza nichomeke skrini na kibodi, nikakuta seva bado inatangaza anwani ya zamani. Ilikuwa kwenye mtaa ambao haupo tena.

Asha: Hapo unaingia kwa `root` na kufungua faili moja.

Baraka: `nano /etc/network/interfaces`. Mistari miwili tu ndiyo inayobadilika, `address` na `gateway`:

```
auto vmbr0
iface vmbr0 inet static
        address 192.168.8.50/24
        gateway 192.168.8.1
        bridge-ports eno1
        bridge-stp off
        bridge-fd 0
```

Hiyo `eno1` ni jina la kadi ya mtandao kwenye mashine yangu, yako acha kama ulivyoikuta. Halafu watu wanasahau `/etc/hosts`. Jina la seva limeandikwa humo pamoja na anwani ya zamani, na lazima nalo libadilike. Usipoligusa, hata ile skrini ya kuwakia itaendelea kukuonyesha namba ya zamani na utapotea upya. Angalia pia `/etc/resolv.conf`, kama inaelekeza kwenye ruta iliyoondoka. Kisha `reboot`.

Asha: Na kontena zenye anwani za kudumu?

Baraka: Kila moja inabadilishwa kwenye sehemu yake ya `Network`. Mimi nilizisahau, ukurasa ukafunguka lakini mafaili hayaonekani hadi usiku.

Asha: Tumalizie na ile diski ya GB 500.

Baraka: Inapokea nakala rudufu kila Jumapili usiku, na inatunza tatu za mwisho. `Snapshot` haitoshi, kwa sababu inakaa kwenye SSD ileile. SSD ikifa, vyote vinakufa pamoja.

Asha: Umewahi kuirudisha nakala ukaona kama inafanya kazi?

Baraka: Ndiyo, kontena namba 101 niliirudisha kama 901. Ila kabla ya kuiwasha weka alama kwenye `Disconnect` upande wa mtandao wake, kwa sababu imekuja na anwani ya 101, na 101 bado iko kazini.