Umpe Maji au Umzuie? Mhadhara kwa makocha na viongozi wa vikundi vya mazoezi, Chake Chake

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Makocha wangu, viongozi wa vikundi, kinamama na nyinyi vijana mliokuja moja kwa moja kutoka uwanjani, ahsanteni kwa kuitikia.

Leo nina jambo moja tu. Mtu ametoka jasho kwa saa tatu au nne katika jua la kaskazi. Anakaa chini. Kichwa kinamgonga, moyo unamchafuka, hana nguvu, hata ukimuuliza jambo anachelewa kukujibu. Watu wanamzunguka na kila mmoja ana chupa mkononi: "Mpe maji! Mpe maji!" Je, maji hayo yatamsaidia au yatamzidishia? Kwa sababu hali mbili zinazopingana zinaweza kumfikisha mtu pale pale. Moja ni kupungukiwa na maji mwilini. Ya pili ni maji kumzidi hata chumvi ya damu, yaani sodiamu, ikashuka. Madaktari huiita haiponatremia. Wa kwanza anahitaji maji, na wa pili maji ndiyo yaliyomdhuru.

Tuanze na jasho lenyewe, maana hapa wengi wetu tumefundishwa kinyume. Tunasema mtu akitoka jasho sana chumvi inamwisha, kwa hiyo damu inabaki bila chumvi. Angalieni vipimo. Damu ya mtu mzima mwenye afya ina sodiamu baina ya milimoli 135 na 145 kwa lita. Jasho la watu wengi lina baina ya 20 na 80. Yaani jasho lina chumvi ndogo kuliko damu. Unapotoka jasho bila kunywa, unapoteza maji zaidi kuliko chumvi, na damu yako inazidi kuwa na chumvi nyingi. Ndiyo maana unapata kiu. Katika mazoezi ya saa chache, kinachoishusha sodiamu hasa ni maji tunayokunywa kupita kiasi cha jasho lililotoka. Ni mchuzi uliokolea: ukiongeza jagi la maji, chumvi ile ile ipo sufuriani, lakini ladha imepotea.

Mtaniuliza, kwa nini mtu asikojoe hayo ya ziada? Kwa kawaida figo zingeyatoa. Lakini mwili unapokuwa katika mazoezi marefu, na khasa ukiwa na maumivu au kichefuchefu, ubongo huendelea kutoa homoni inayozuia mkojo. Maji yanaingia, mlango wa kutokea umefungwa. Sodiamu ikishuka kwa haraka, maji huingia ndani ya chembe za mwili, na chembe za ubongo nazo huvimba. Fuvu halitanuki. Hapo ndipo kichwa kinapouma, mtu anapochanganyikiwa, na ikizidi anapata degedege na kupoteza fahamu. Watu wamekufa kwa hili.

Na si jambo la nadra kama tunavyodhani. Katika mbio za marathoni za Boston za mwaka 2002, watafiti waliwapima damu wakimbiaji 488 mwishoni. Asilimia 13 walikuwa na sodiamu iliyoshuka, na dalili iliyowatofautisha zaidi ni kwamba walikuwa wameongezeka uzito wakati wa mbio. Kuongezeka, baada ya kilomita 42.

Sasa tupige hesabu ya mfano, na naomba tuende nayo polepole. Chukulieni dada mmoja wa kilo 52. Anatoka Chake Chake kwenda Wete katika matembezi ya hisani, mara anakimbia, mara anatembea, muda wote saa nne. Hana kasi, basi jasho lake ni kama nusu lita kwa saa. Jumla lita mbili. Njiani kila kituo vijana wanampa chupa ya nusu lita, na yeye ameambiwa asisubiri kiu. Anamaliza chupa nane, lita nne. Amekojoa kidogo, tuseme mililita 300. Maji yaliyoingia lita nne, yaliyotoka lita mbili na pointi tatu. Amebeba lita moja na pointi saba za ziada, na mizani itamwonesha karibu kilo 53 na pointi saba.

Mwilini mwake alianza na maji kama lita 26, sodiamu ikiwa 140. Tukitoa chumvi ya jasho, tukaongeza yale maji, sodiamu inashuka hadi kama 128. Hapo mtu anaweza kuumwa kweli.

"Lau angekunywa kinywaji cha michezo badala ya maji matupu?" Swali zuri, kocha. Vinywaji vingi vya michezo vina sodiamu kama milimoli 20 kwa lita. Tukiweka lita nne za kinywaji hicho kwenye hesabu ile ile, anafika 131. Ni afadhali kidogo, lakini bado ipo chini. Lebo ya chupa inasema kuna chumvi, na ni kweli ipo, ila ni ndogo mno kuliko ya damu, na ukinywa kupita kiasi nayo pia inakuzimulia damu. Lakini angekunywa maji ya kawaida lita moja na nusu tu, kwa kufuata kiu, angemaliza amepungua kiasi cha gramu 800 na sodiamu yake ingebaki karibu 141. Kwa hiyo kipimo cha alichokunywa kina uzito kuliko jina la kinywaji. Hili ndilo ninalotaka mlichukue kuliko yote.

Je, mtamjuaje uwanjani, bila maabara? Rafiki yenu mkubwa ni mizani ya kawaida. Mpimeni mtu kabla ya kuanza, amevaa nguo nyepesi, na tena mwisho akishajifuta jasho. Aliyepungua kilo mbili kati ya sabini, karibu asilimia tatu, ana kiu kali, mdomo mkavu, moyo unamwenda mbio na akisimama anaona kizunguzungu, huyo kapungukiwa na maji. Mlazeni kivulini, miguu juu. Mara nyingi anapata nafuu upesi na anaweza kunywa. Aliyebaki na uzito ule ule au kuongezeka, tumbo limejaa maji yanachezacheza, pete imembana kidole, anatapika maji, kichwa kinazidi kuuma, na kulala chini hakujamsaidia kitu, huyo mzuieni kunywa. Uzito ule ule nao ni dalili, kwa sababu mwili huchoma wanga na mafuta na ulipaswa kupungua walau kidogo.

Kama hamkumpima asubuhi, muulizeni yeye au mwenziwe: amekunywa chupa ngapi tangu kuanza? Swali hilo nalithamini kuliko rangi ya mkojo. Rangi inafaa nyumbani asubuhi; katikati ya mazoezi inadanganya. Yule aliyejaa maji, kwa ile homoni niliyoitaja, anaweza kukojoa mkojo mchache wenye rangi iliyokolea, nanyi mkaona ni mkavu mkamwongezea maji.

Mizani nayo ina mpaka wake. Mtu wa jasho la chumvi nyingi, yule ambaye fulana yake nyeusi hukauka na michirizi myeupe, akifanya kazi siku nzima na kunywa maji matupu, anaweza kuwa amepungua uzito na sodiamu imeshuka vilevile. Jibu la uhakika ni kipimo cha damu. Na akiwa mwili unawaka moto na amechanganyikiwa, hilo huenda ni joto lililopanda hadi ubongoni. Msianze na maswali ya maji ya kunywa. Mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni, mumpoze hapo hapo huku gari linatafutwa.

Sasa cha kunywa. Mazoezi ya saa moja, maji na kiu yako vinatosha. Yakivuka saa mbili, pimeni jasho lenu siku moja: jipime, fanya mazoezi saa moja bila kunywa wala kukojoa, jipime tena. Kila kilo iliyopungua ni lita moja ya jasho. Mchezaji wa hapa, kwenye hewa hii nzito ambayo jasho linadondoka badala ya kukauka, anaweza kupoteza lita moja na zaidi kwa saa. Kiasi hicho ndicho dari yake, asikipite. Anywe akihisi kiu, na abaki chini yake kidogo.

Bibie kule nyuma ameuliza kuhusu dafu. Mimi mwenyewe napenda dafu, na baada ya mazoezi ni zuri. Lakini utajiri wake ni potasiamu; sodiamu yake ni ndogo. Linywe pamoja na chakula chenye chumvi, muhogo kwa samaki wa chumvi au bakuli la supu, na mwenye maradhi ya figo amuulize daktari wake kwanza. ORS ni jambo jingine: pakti moja kwa lita moja ya maji inatoa sodiamu milimoli 75, karibu mara nne ya kinywaji cha michezo. Inamfaa aliyepungua sana uzito na anayehitaji kurudi uwanjani kesho. Aliyepungua kilo mbili ataipokea, pamoja na maji na chakula, kama lita mbili na nusu hadi tatu, kidogo kidogo kwa saa kadhaa. Vijana wanaocheza jioni ya Ramadhani kabla ya futari nao wafanye hivyo, wasimalize jagi zima kwa pumzi moja. Lakini ORS si dawa ya yule aliyejaa maji. Mkimpa lita nzima mnamwongezea maji tu.

Huyo, akiwa na akili timamu na hatapiki, asinywe maji wala kinywaji chochote chenye chumvi ndogo mpaka akojoe vizuri. Anaweza kupewa supu ya chumvi kali kwa kiasi kidogo: vidonge vitatu au vinne vya supu kwenye mililita 125 za maji, chini ya kikombe. Akichanganyikiwa, akitapika mfululizo au akipata degedege, msimtie kitu mdomoni. Ni hospitali mara moja.

Na mkifika mapokezi, waambieni mambo matatu: alifanya mazoezi kwa muda wa saa ngapi, amekunywa lita ngapi, na uzito wake wa asubuhi ni upi na wa sasa ni upi. Waombeni wapime sodiamu kabla ya kumfungulia dripu. Dripu ya kawaida ya chumvi asilimia 0.9 inamfaa aliyekauka, lakini kwa mwenye maji ya ziada inaweza kumzidishia. Mwenye degedege kwa sodiamu iliyoshuka hupewa na daktari chumvi ya asilimia 3, mililita 100 kwa mara moja kupitia mshipa, na inaweza kurudiwa baada ya dakika 10 kama hajapata nafuu. Ile karatasi yenu ya uzito wa asubuhi ipelekeni naye, iwe mkononi mwa atakayemsindikiza.