Alama zinapofungana: nafasi ya wastani kabla ya kipimo cha Spearman

Ndugu zangu, leo tuangalie jambo moja tu: cha kufanya alama zinapofungana kabla hatujapima uhusiano wa nafasi.

Tuchukue wanafunzi sita. Katika somo la kwanza wamepata 5, 7, 7, 7, 9 na 10. Katika la pili, kwa mpangilio uleule wa watu, wamepata 12, 15, 11, 18, 18 na 20. Tunatoa nafasi kuanzia alama ndogo. Mwenye 5 ni wa 1, hilo halina ubishi. Lakini hao watatu wenye 7 wanagombea nafasi ya 2, ya 3 na ya 4. Nani achukue ipi?

Wengi huwapa kwa kufuata orodha: anayetajwa kwanza anatangulia. Tukifanya hivyo, na wale wenye 18 vilevile, kipimo cha Spearman kinatoka 0.829. Sasa igeuzeni orodha, aliyekuwa wa mwisho aandikwe wa kwanza. Hakuna alama hata moja iliyobadilika, ila jibu linashuka hadi 0.543! Tofauti yote hiyo imeletwa na mpangilio wa majina, na hilo halikubaliki hata kidogo.

Dawa yake ni kugawana. Nafasi 2, 3 na 4 zijumlishwe, tupate 9, tugawe kwa 3: kila mmoja ni wa 3. Anayefuata, mwenye 9, ni wa 5, kwa sababu wanne wamekwisha kumtangulia. Katika somo la pili, wenye 18 wanagawana nafasi ya 4 na ya 5, kila mmoja 4.5. Nafasi sasa ni 1, 3, 3, 3, 5, 6 na 2, 3, 1, 4.5, 4.5, 6. Jumlisheni kila upande: ni 21, sawasawa na 1 hadi 6 zikijumlishwa. Jumla isipofika hapo, kuna kosa. Ndivyo mtakavyomnasa mtu aliyetumia `RANK.EQ` kwenye Excel, maana hiyo inawapa wote watatu nafasi ya 2 na jumla inakuwa 18. Inayotakiwa ni `RANK.AVG`.

Bado kuna mtego. Ile kanuni ya mkato, 1 − 6Σd²/(n(n²−1)), ambapo d ni tofauti ya nafasi mbili za kila mtu na n ni idadi ya watu, imejengwa kwa nafasi zisizofungana. Hapa Σd² ni 7.5, nayo inatoa 0.786. Njia sahihi ni kuzichukua nafasi zenyewe na kuziingiza kwenye kipimo cha kawaida cha Pearson, tupate 0.770. Pengo ni dogo kwa sababu waliofungana ni wachache. Wakiwa wengi linapanuka. Na kama wote wamepata alama ileile katika somo moja, nafasi zote ni 3.5, mtawanyiko ni sifuri, na kipimo hakikokotoleki.