Waya, kalamu na udongo: kipimo cha akili kinapopima mazoea

Mabibi na mabwana, walimu wenzangu, nanyi wanafunzi mlioketi kule nyuma,

Juma lililopita, hapa Lubumbashi, nilipokuwa nikipita mtaa mmoja wa Katuba, nilimkuta mtoto wa miaka kama tisa akitengeneza gari la waya. Alikadiria kwa macho nafasi kati ya magurudumu, akaupinda waya huku na huku mpaka ukakatika, kisha akakunja wa pili kwa kuufuatisha ule wa kwanza. Usukani wa gari ulimfika kiunoni, na ukiuzungusha magurudumu ya mbele yaligeuka. Nilimpa kalamu na karatasi, nikamwomba alichore gari hilohilo. Alichora sanduku lenye duara mbili, akanirudishia kalamu kwa aibu.

Jambo hili lilikwisha kuchunguzwa kwa utaratibu na Robert Serpell, mwanasaikolojia aliyefundisha Chuo Kikuu cha Zambia. Katika utafiti alioutoa mwaka 1979, aliwataka watoto wa Lusaka na wa Manchester, Uingereza, wanakili maumbo kwa njia mbalimbali. Walipotumia kalamu na karatasi, watoto wa Manchester waliwashinda wenzao. Walipotumia waya, watoto wa Lusaka ndio waliotangulia. Na kwa udongo wa kufinyanga hapakuonekana tofauti ya maana. Kama kunakili umbo kungetegemea uwezo mmoja tu ulioko kichwani, kundi lililoshinda kwa kalamu lingeshinda pia kwa waya. Kumbe mkono uliozoea kitu fulani huliona umbo kwa wepesi zaidi kupitia kitu hicho, na anayepima kwa kalamu peke yake huandika mazoea kwenye safu ya akili.

Kosa hilo si dogo, kwa sababu vipimo vingi vya watoto vimejengwa juu ya karatasi. Mwaka 1926 Florence Goodenough alitoa kipimo ambacho mtoto huchora mtu, na alama zikatolewa kwa kuhesabu viungo na uwiano wake. Huko Zambia kikatungwa kipimo kiitwacho Panga Munthu, na hapa kwetu neno munthu halihitaji mkalimani. Mtoto hupewa udongo afinyange mtu, na mpimaji huhesabu kichwa, shingo, mikono, vidole na namna vilivyounganishwa. Swali limebaki lilelile, ila kalamu imeondolewa njiani. Lakini nisiwauzie udongo kama dawa ya kila kitu: mtoto wa ghorofani ambaye hajawahi kuushika hupatwa na shida ileile kwa upande wa pili.

Wako waliodhani kwamba tukiondoa maneno tutakuwa tumeondoa utamaduni. Ndiyo sababu Matrisi za Raven zilipendwa sana: mtoto huona michoro iliyopangwa, pembe moja iko tupu, naye huchagua kipande kinachoijaza. Katika miaka ya 1950 André Ombredane na wenzake waliwapa watu wa Kongo kipimo hicho zaidi ya mara moja, na alama zikapanda. Akili za watu hao hazikukua kati ya kikao na kikao. Kilichoongezeka ni kuielewa kazi yenyewe, kwamba michoro husomwa kwa mistari na kwa safu, na kwamba jibu ni moja tu. Kwa hiyo mpimaji mwangalifu hutanguliza mifano, humwacha mtoto akosee na kusahihishwa, na huanza kuhesabu baadaye.

Ipo pia njia ya kuchunguza swali mojamoja kwa hesabu. Tuseme mtihani una maswali 40. Tunawatenga watoto wa mjini na wa kijijini waliopata jumla ileile, kwa mfano 25, ili tulinganishe wanaolingana. Ikiwa swali la 12 linajibiwa sawasawa na 8 kati ya 10 wa mjini lakini 4 tu kati ya 10 wa kijijini, na pengo hilo linajirudia kwa wenye jumla ya 20 na ya 30, basi swali hilo linapima kitu kingine juu ya kile tulichokikusudia. Tunalifungua na kulitazama: pengine lina picha ya chombo ambacho kijijini hakipo, pengine tafsiri imeleta neno gumu.

Hata hivyo njia hii ina upofu wake, na wanafunzi wangu husahau kuutaja. Tunawalinganisha watoto kwa jumla ya mtihani uleule tunaoushuku. Kama maswali yote 40 yamepinda upande mmoja kwa kiasi kilekile, kwa mfano yote yanadai kalamu, jumla nayo imepinda pamoja nayo, na hakuna swali litakalojitokeza. Jedwali litaonyesha kwamba maswali yote ni safi, na yule mtoto wa Katuba atabaki na alama za sanduku lenye duara mbili.